Mfumo unasema ulihudhuria chakula cha mchana

Leo nimekuja na hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe, kwa hivyo mnivumilie.

Mwaka jana niliandika programu ya kusoma beji milangoni katika kongamano moja la wanataaluma huko Mombasa. Wajumbe walikuwa kama mia sita, kumbi nne, siku tatu. Kila mjumbe alining'iniza shingoni beji yenye msimbo wa QR, na kila mlango wa ukumbi ulikuwa na vijana wawili wenye simu. Ukiingia wanasoma beji, ukitoka wanasoma beji. Mwisho wa kongamano mwandalizi anabonyeza mahali fulani na kupata orodha ya nani alihudhuria mada gani. Orodha hiyo si ya kupendeza macho tu. Hapa Kenya mwanasheria, daktari, mhasibu na mhandisi wote wanahitaji pointi za mafunzo ya kuendeleza taaluma, na makongamano kama hilo ni mahali pa kuzipata. Orodha ikikunyima pointi, umelipa kiingilio, nauli na hoteli, halafu unarudi nyumbani mikono mitupu.

Juma moja baada ya kongamano nikapigiwa simu na mhandisi mmoja mtu mzima, namba yangu alipewa na ofisi ya waandalizi waliochoka naye. "Kijana wangu," akaniambia, "hii mashine yako inasema sikuhudhuria vikao vya alasiri siku ya pili. Mimi nilikaa safu ya mbele. Niliuliza swali. Niko kwenye video!" Nikamwambia mzee, subiri niangalie. Kwa kweli nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ni mmoja wa wale waliokwenda kuogelea. Nikafungua kumbukumbu za beji yake, na hiki ndicho nilichokikuta. Namba ya beji nimeibadilisha.

```
T7K2  08:52  ukumbi-2
T7K2  10:31  ukumbi-2
T7K2  11:04  ukumbi-2
T7K2  14:09  ukumbi-2
T7K2  15:33  ukumbi-2
T7K2  15:58  ukumbi-2
T7K2  17:32  ukumbi-2
```

Siku hiyo ukumbi wa pili ulikuwa na vikao vinne, kila kimoja dakika 90: saa tatu asubuhi, saa tano, saa nane na saa kumi. Sasa soma hizo saa kama mtu, si kama kompyuta. Mzee aliingia saa tatu kasoro dakika nane, akatoka kikao kilipokwisha. Akaingia tena saa tano na dakika nne. Kisha pana pengo: hakuna skani ya kutoka saa sita na nusu. Kilichotokea ni kwamba chakula kilikuwa tayari, watu wote wakasimama kwa pamoja, na vijana wa mlangoni wakazidiwa. Baadaye mzee akarudi saa nane na dakika tisa, akatoka saa tisa u nusu, akanywa chai, akaingia tena saa kumi kasoro, akatoka jioni. Mtoto wa darasa la sita angeliona hilo.

Programu yangu haikuliona. Mimi, mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, nilikuwa nimeiandika kama swichi ya taa: skani ya kwanza maana yake ameingia, ya pili ametoka, ya tatu ameingia, ya nne ametoka. Nilidhani huo ni ujanja, kwa sababu kijana wa mlangoni hana haja ya kubonyeza chochote, anaelekeza kamera tu. Lakini swichi ya taa ukikosa kuibonyeza mara moja, basi kila kitu kinachofuata kinageuka kichwa chini miguu juu. Skani ya saa nane na dakika tisa ikahesabiwa kuwa ametoka. Kwa hesabu hiyo mzee alikaa ndani ya ukumbi wa pili kuanzia saa tano hadi saa nane na dakika tisa, yaani alihudhuria chakula cha mchana kwa bidii. Skani ya saa tisa na dakika 33 ikahesabiwa kuwa ameingia, ya saa kumi kasoro kuwa ametoka, kwa hivyo amehudhuria chai pia. Jioni akaingia na hakutoka tena. Huenda bado yumo. Vikao viwili vya alasiri: dakika tisa na sifuri.

Skani moja iliyokosekana, na si kosa lake.

Niliporudi kwa waandalizi kuwaeleza, jibu nililopewa ndilo lililonifanya niandike haya. Waliniambia, "Lakini mfumo hausemi uongo." Ndugu zangu, mfumo husema kile alichoambiwa na mtu mvivu saa saba za usiku, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Skani ya mlangoni haionyeshi kwamba mtu amehudhuria. Inaonyesha kwamba beji fulani ilikuwa mbele ya simu fulani, wakati fulani ambao simu yenyewe iliuamini. Umbali kati ya maneno hayo na neno "alihudhuria" ni mrefu, na sisi waandishi wa programu tumezoea kuuruka kwa kuandika neno hilo juu ya safu ya jedwali. Tukishaliandika, hakuna anayeuliza tena.

Najua mtanijibu kwamba zamani ilikuwa mbaya zaidi. Ni kweli. Karatasi ya kujiandikisha inazungushwa ukumbini, mmoja anatia sahihi za wenzake watano, na ikifika safu ya nyuma haina nafasi wala kalamu. Siitetei karatasi hiyo. Lakini kila mtu alijua kwamba ni karatasi, na mjumbe akilalamika kwamba jina lake halimo, katibu alimtazama usoni na kuliongeza. Karatasi ilikuwa na aibu yake. Jedwali la kompyuta halina aibu, nalo hutolewa likiwa na dakika kamili, mtu akadhani limepimwa.

Hebu tupige hesabu ya mlango, kwa sababu wengi wanaonunua mifumo hii hawajawahi kusimama mlangoni. Chukua ukumbi wenye watu 240 na wahudumu wawili. Kusoma beji moja bila matatizo, pamoja na mtu kuinyanyua na kusogea, ni kama sekunde nne. Watu 240 mara sekunde nne, gawa kwa wahudumu wawili: dakika nane. Sasa ongeza beji zinazokataa. Beji huning'inia kwa kamba moja, hivyo hujigeuza na kuonyesha mgongo. Plastiki yake huakisi taa. Na kwa joto la Mombasa kioo cha kamera hushika jasho la vidole. Tuseme mmoja kati ya kumi anachukua sekunde 15 zaidi. Hao 24 wanaongeza dakika tatu. Jumla dakika 11, na hapo nimedhani kwamba wahudumu hawapumziki na watu wanakuja mmoja mmoja kwa mpangilio kama shuleni. Hawaji hivyo. Wanatoka kwenye chai wote mara moja, dakika tatu kabla ya kikao.

Kwa hivyo foleni inajaa ukumbi wa nje, mwenyekiti wa kikao anatoa kichwa na kuuliza kuna nini, kisha mtu mwenye cheo anapiga kelele, "Waacheni waingie, mtawasoma wakitoka!" Hapo data yako imekwisha. Na wakati wa kutoka ni mbaya maradufu, kwa sababu wakati wa kuingia watu huja wameachana japo kidogo, lakini kutoka wote husimama katika dakika ile ile, na wana njaa. Hakuna mhandisi mwenye umri wa miaka 60 atakayesubiri dakika 11 ili kijana amwelekezee simu kifuani wakati harufu ya pilau inamfikia.

Tazama basi kinachofuata. Skani hazikosekani ovyo ovyo. Hukosekana pale ambapo watu ni wengi, yaani kwenye vikao vizuri, na hasa kile cha kabla ya chakula. Kikao kibovu chenye watu 20 kitakuwa na kumbukumbu safi kabisa, kila mtu ameingia na kutoka. Kikao kilichojaa hadi watu wakaegemea ukuta ndicho kitakachoonekana kwenye ripoti kama kilihudhuriwa na watu wachache wenye mashaka. Mwandalizi akitumia ripoti hiyo kuchagua wazungumzaji wa mwaka ujao, atamrudisha yule aliyewalaza watu.

Wauzaji wa vifaa wana dawa yao: weka geti lenye antena na uingize kijichipu ndani ya beji, isomeke yenyewe mtu akipita. Inavutia, na foleni kweli inaisha. Lakini chipu hizo zisizo na betri hutumia masafa ya kati ya 860 na 960 MHz, na mawimbi hayo hunyonywa na maji, na binadamu ni mtungi wa maji wenye miguu. Beji iliyolala kifuani, au iliyofunikwa na mtu wa mbele kwenye msongamano, inaweza isisomwe. Wakati huo huo antena inayofika mita kadhaa itamsoma yule aliyekuwa akipita nje kwenda msalani. Sasa umepata makosa ya pande zote mbili: waliomo hawamo, na wasiokuwamo wamo. Angalau kijana wa simu hawezi kumsoma mtu asiyekuwa mbele yake.

Naam, ila anaweza kusoma beji isiyo na mtu. Katika kumbukumbu zetu niliona beji tano ambazo siku nzima ya tatu zilisomwa na simu ile ile, kwa mfuatano ule ule, ndani ya sekunde 12, mara sita. Marafiki watano wanaotembea pamoja huenda wakaingia pamoja mara moja au mbili, lakini hawashiki mstari ule ule kila mara kama askari wa gwaride. Huyo ni mtu mmoja mwenye kamba tano mfukoni, na wanne wako ufukweni. Wote watano walipata pointi kamili. Mzee wangu wa safu ya mbele akapata nusu. Mnaona haki ilivyo?

Kisha kuna saa. Waifai ya hoteli hukatika, kwa hivyo simu ilibidi zihifadhi skani zenyewe na kuzituma baadaye, jambo ambalo ni sahihi. Lakini simu mbili tulizoazima zilikuwa na saa iliyowekwa kwa mkono. Na toleo la kwanza la programu lilikuwa likiandika saa bila kusema ni ya ukanda gani, ilhali simu nyingine ilikuwa kwenye saa ya dunia badala ya yetu, ambayo imetangulia kwa saa tatu. Mtu akasomwa saa nane na dakika tano mchana, ikaandikwa 11:05, akapewa kikao cha saa tano ambacho hakukikanyaga. Makosa ya aina hii ni ya hatari kwa sababu hayaonekani kama makosa: 11:05 ni saa nzuri kabisa ya kuingia kwenye kikao. Niliyagundua kwa kutazama simu moja moja, nikaona kuna simu ambayo eti ilianza kazi saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wakati hata walinzi wa ukumbi hawajafungua.

Na lile la kuchekesha: betri ilipoisha mlango wa tatu, msichana wa pale akachukua daftari na kuandika kwa mkono majina na saa. Kazi nzuri, alinusuru kikao kizima. Aliandika "8:15", yaani saa nane na robo kama sisi sote tunavyosema. Aliyeingiza daftari kwenye kompyuta kule Nairobi akaandika 08:15. Watu 60 wakaonekana wamefika asubuhi na mapema na kukaa ukumbini tupu.

Sasa, nifanye nini? Sisemi tutupe simu baharini. Nasema kwanza mwandalizi ajibu: skani hii ni ya kazi gani? Kama unataka kujua ukumbi ulijaa kiasi gani, mtu mmoja mwenye kidude cha kuhesabu kwa kidole atakupa idadi hiyo dakika ya 20 ya kikao, bila kumsimamisha yeyote na bila kujua jina la mtu. Kama unataka kumpa mdhamini wa kikao orodha ya waliomsikiliza ili awapigie simu za mauzo, basi uwaambie wajumbe hivyo mapema, waziwazi, kabla hujawasoma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 25, inataka data ikusanywe kwa kusudi lililotajwa na isitumiwe kwa lingine lisilopatana nalo. "Ni ya pointi zenu" kisha ikaishia kwa muuza bima si kusudi moja.

Kama kweli ni ya pointi, hapo soma beji milangoni, lakini ifanye kazi hiyo kama mtu anayejua kwamba itakosea. Nimeiandika upya programu yangu, na mabadiliko yenyewe si ya ajabu. Simu ya kuingia ni ya kuingia, ya kutoka ni ya kutoka. Mhudumu anachagua mwanzoni na kioo kinabadilika rangi ili asichanganye. Kila skani inahifadhiwa jinsi ilivyo, haifutwi wala haigeuzwi na inayofuata:

```
{"beji":"T7K2","ukumbi":2,"tendo":"toka",
 "saa":"15:33:10+03:00","simu":"S03"}
```

Ile `+03:00` ndiyo inayoniwezesha kulala usiku. Kabla ya kazi kila simu inalinganisha saa yake na ya seva na kukataa kuanza ikiwa tofauti inazidi dakika moja. Namba ya beji si tena 0417 inayofuatwa na 0418, ambayo mtu yeyote anaweza kujitengenezea, bali ni herufi za kubahatisha, na ndani ya msimbo hamna jina wala simu ya mtu. Kisha dakika zinahesabiwa kwa kila kikao peke yake:

```
dakika = min(toka, mwisho) - max(ingia, mwanzo)
```

Kwa mzee wetu, kikao cha saa nane kilianza 14:00 na kwisha 15:30. Aliingia 14:09, akasomwa akitoka 15:33, tunachukua 15:30. Dakika 81 kati ya 90. Pointi zake halali. Na kikao kikiisha, mlango unafungwa kihesabu: anayeingia kikao kinachofuata anaanza upya, hata kama jana yake hakusomwa akitoka. Kosa moja linaharibu kikao kimoja na si siku nzima.

Jambo la mwisho ndilo lililonigombanisha na waandalizi. Mtu akiwa na skani ya kuingia bila ya kutoka, ripoti yangu haiandiki sifuri wala haiandiki 90. Inaandika "haijulikani". Mjumbe anaona kumbukumbu zake mwenyewe na anaweza kusema "nilikuwepo", na anayetaka kumnyima pointi ndiye atafute ushahidi, si yeye. Sheria ile ile, kifungu cha 26, inampa mtu haki ya kuona data yake na kusahihisha iliyo ya uongo au ya kupotosha, kwa hivyo hapa sijawafanyia hisani yoyote.

Niliendesha hesabu mpya juu ya kumbukumbu za zamani, pale nilipoweza kutofautisha kuingia na kutoka kwa kulinganisha na ratiba. Siku ya pili peke yake ilikuwa na watu 43 kama mzee. Nikaituma ripoti. Jibu likaja baada ya siku nne, mstari mmoja: "Asante. Hiyo safu ya haijulikani unaweza kuiondoa? Bodi haitaielewa."

Nikajibu siwezi, nikaeleza sababu, nikaambatisha kumbukumbu za watu 43. Mzee alipata pointi zake mwezi uliofuata, baada ya kuwatumia ile video akiuliza swali. Wengine 42 sijui kama wana video. Malipo yangu ya awamu ya pili bado hayajaingia.